Uzoefu wangu: studio ya Masasi iliyookoa video ya harusi ya mdogo wangu

Kama una video ya harusi iliyogoma kufunguka na uko upande wa Masasi, Newala au Nachingwea, ipeleke kwa kijana anayeediti kwenye studio moja ndogo hapa Masasi mjini. Kazi yake nimekaa nayo mezani, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa msimu wa korosho, wakati kila mpiga video ameshachukuliwa. Tuliyempata alichomeka kamera kwenye umeme wa ukumbini bila betri ndani. Umeme ukakatika bibi yetu akiwa katikati ya kuwapa maharusi nasaha. Jenereta likawashwa, sherehe ikaendelea. Siku ya kuchukua kazi tukaambiwa klipu mbili zimekufa, ya bibi na ya maharusi kuingia ukumbini, tusahau. Mama hakutaka kabisa kusikia hilo. Tukaomba kadi yenyewe.

Kijana alipoipokea, kwanza alisukuma kile kitufe kidogo cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi ili isiandikwe chochote. Kisha akainakili yote kwenye diski yake, na kazi yote akaifanyia kwenye nakala.

"Dada, kamera ikikuuliza uirekebishe kadi au uifomati, kataa. Ikishaandika juu yake, hata mimi sina la kufanya."

Klipu ya bibi ilikuwa na GB 3.4, lakini kompyuta haikuonyesha urefu wake kwa dakika, na kila programu iliikataa. Kwake hiyo ilikuwa dalili nzuri: ukubwa upo, muda haupo. Alinieleza kwamba kamera nyingi za MP4 huandika picha na sauti mfululizo, halafu ukibonyeza kusimamisha ndipo zinaandika sehemu iitwayo `moov`, yaani orodha inayosema kila picha iko wapi na ikae muda gani. Umeme ukikatika ghafla, orodha haiandikwi. Nasaha za bibi zilikuwemo zote, ila programu haikujua zianzie wapi. Ndiyo maana ujumbe uliotoka ulikuwa `moov atom not found`.

Dawa yake ni klipu nzima iliyopigwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile, ili programu iitwayo untrunc ijifunze umbo lake na kuitengenezea orodha klipu iliyoharibika:

```
untrunc nzima.mp4 bibi.mp4
```

Jaribio la kwanza lilitoa kitu cha ajabu. Picha ilifunguka, lakini bibi alitikisa kichwa na kunyoosha kidole mbiombio, na sauti yake ya taratibu ikabaki nyuma. Kijana alitazama kidogo tu akajua: klipu aliyotumia kama kielelezo ilikuwa ya bi harusi akitembea, iliyopigwa kwa picha 50 kwa sekunde ili ipunguzwe mwendo, na ya bibi ilikuwa ya picha 25. Akachukua klipu ya MC akitambulisha kamati, nayo ya 25, akarudia. Bibi akatokea na kitenge chake, anamwambia bwana harusi, "Mjukuu wangu, mkeo akinyamaza usidhani ameridhika." Mama alilia palepale studio. Nami nikalia.

Sekunde chache za mwisho hazikurudi, kwa sababu zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kamera, hazijafika kwenye kadi. Kuna mahali pia picha ilivunjika vipande; hapo akaacha sauti ya bibi iendelee na juu yake akaweka sura za wageni. Alituonyesha kila alipofunika, jambo ambalo nalithamini kuliko ufundi wote.

Klipu ya kuingia ukumbini haikupona. Alipoichungulia ndani, faili lilikuwa sifuri tupu mwanzo hadi mwisho. Ukubwa wake ulidanganya, maana hapakuwa na cha kuokoa. Hakutuzungusha, alituambia mara moja, akaomba video ya simu ya binamu yetu. Ilikuja kwa WhatsApp ikiwa imefifia, akaikataa, akataka itumwe upya kama `Document` ili isipunguzwe ubora. Muziki wa simu ulikuwa unapasuka, akaweka ule aliourekodi DJ kwenye miksa yake, akiulinganisha na makofi ya watu.

Bei ilikuwa elfu sitini, na tulilipa baada ya kuiona klipu ya bibi. Lalamiko langu kwake ni moja: msimu wa harusi foleni ni ndefu na simu hapokei, inabidi uende mwenyewe. Ukienda, beba kadi yenyewe, usiende na mafaili uliyohamishiwa na mtu, na uulize mpiga video ni kamera gani alitumia. Flashi ya kuchukulia kazi iwe imefomatiwa exFAT, kwa sababu video yetu ilizidi GB 4 na ile ya mama ya FAT32 ilikataa kuipokea.