Uzoefu wangu na programu ya kukuza maandishi: pauni 39.99 ndani ya bili ya simu ya Bibi

Naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu programu yenyewe inafanya kazi. Unaielekeza simu kwenye boksi la dawa, herufi zinakuwa kubwa, taa inawaka. Bibi aliipenda. Kasoro ni kwamba alikuwa akiilipia kila mwaka bila yeye kujua, na sisi sote bila kujua.

Bibi yangu ni mtu wa Unguja, anaishi Leicester, na macho yake siku hizi yanamsumbua kwa maandishi madogo. Bili ya laini yake alikuwa akiisoma ami yangu, kwa maana ya kwamba ilikuwa ikikatwa benki yenyewe na hakuna aliyeifungua. Ami alipohamia Muscat kazi hiyo ikaja kwangu. Kifurushi cha Bibi ni pauni 12 kwa mwezi na hapigi simu nje ya kifurushi, maana Zanzibar anaongea nao kwa WhatsApp. Bili ya Machi ilisema pauni 51.99.

Nilidhani amepiga namba ya nje ya nchi kwa bahati mbaya. Nikafungua kurasa za ndani, na huko chini, mbali na kifurushi, kulikuwa na kichwa cha "Charge to Mobile", na chini yake mstari mmoja tu: Apple, tarehe, £39.99. Jina la kilichonunuliwa halikuwepo. Nikazifungua bili za nyuma zilizokuwa kwenye akaunti yake, na Machi ya mwaka uliotangulia nikaukuta mstari huohuo, kiasi kilekile.

"Bibi, umenunua kitu kwenye simu?"

"Mimi? Nitanunua nini mimi kwenye simu, mwanangu? Hata kadi ya benki sijawahi kuitia humo."

Kuhusu kadi alikuwa anasema kweli, na jibu la fumbo lilikuwa humo humo. Huku Uingereza, kama mtu hana kadi kwenye iPhone, anaweza kuweka laini yake ya simu kuwa njia ya kulipia. Anachonunua kinaongezwa kwenye bili ya mwezi. Aliyemfungulia Bibi akaunti ya Apple alichagua hivyo, pengine ili tu apite ukurasa ule wa malipo aweze kupakua WhatsApp.

Jina la programu nililipata kwenye simu yenyewe: Settings, unabonyeza jina la mwenye simu juu kabisa, kisha Subscriptions. Ilikuwa imekaa hapo, inafanya kazi, na tarehe ya kujirudia mwakani imeshaandikwa. Risiti nazo zilikuwepo, ila zilikwenda kwenye anwani ya barua pepe ambayo Bibi hata hajui kama anayo.

Nilipomwonesha alama ya programu, akaikumbuka mara moja. "Si ile lenzi? Iliniambia niweke dole gumba, nikaweka." Simu yake ni ya zile zenye kitufe cha duara chini, na kitufe hicho ndicho kinachosoma alama ya kidole. Bibi akitaka kutoka mahali popote anakigusa. Siku ile ukurasa uliomtolea "siku tatu bure" ulikuwa unangoja kidole kithibitishe, na kwa mwenye simu kugusa pale ni kutaka kutoka, kwa simu ni kukubali. Bei ya mwaka ilikuwa imeandikwa, lakini kwa herufi ndogo za kijivu chini ya kitufe kikubwa. Programu ya watu wasioona maandishi madogo, imeficha bei kwenye maandishi madogo! Hapo ndipo nilipokasirika.

Baada ya miezi aliichoka na kuifuta, akaamini imekwisha. Kufuta programu hakusimamishi malipo. Usajili unakaa kwenye akaunti, hauko ndani ya programu, na unaendelea mpaka mtu aingie Subscriptions abonyeze Cancel Subscription. Na kwa hizi za majaribio ya bure, lazima usitishe angalau saa 24 kabla ya muda kwisha, kwa hiyo "siku tatu" kwa kweli ni mbili.

Kuna jambo la bei hiyo nililoligundua baadaye. Kwa kanuni za huduma za malipo za Uingereza za mwaka 2017, kampuni ya simu inaweza kukutoza vitu vya kidijitali kupitia bili bila kubanwa na masharti ya watoa huduma za malipo, mradi muamala mmoja usizidi pauni 40 na jumla ya mwezi isizidi pauni 240. Pauni 39.99 inapita chini ya mstari huo kwa peni moja. Sisemi bei iliwekwa kwa hesabu hiyo, maana maduka yote yanapenda 99, lakini ujue kwamba kikomo hicho hakimkingi mtu na malipo ya mwaka mzima yanayokatwa kwa mkupuo.

Nilipiga kampuni ya simu kwanza. Walikuwa na adabu, wakasema wao ni wakusanyaji tu, fedha zinadaiwa kwa Apple. Basi nikaingia reportaproblem.apple.com kwa akaunti ya Bibi, nikachagua Request a refund, nikaeleza kuwa mwenye akaunti hakukusudia kuhuisha usajili na programu ilishafutwa. Niliomba ya mwaka huu na ya mwaka jana, kila moja peke yake. Ya mwaka huu ilikubaliwa, ya mwaka jana ikakataliwa. Usitegemee kuziona haraka: fedha zilizolipwa kupitia bili ya simu zinaweza kuchukua hadi siku 60 kurudi, na zinarudi kama punguzo kwenye bili, hazitumwi benki. Kwetu zilitokea kwenye bili ya Mei.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi yote hiyo iPhone inaifanya bure. Kuna programu ya Apple yenyewe inaitwa Magnifier, imo kwenye simu tayari. Nimemwekea Bibi kwenye ukurasa wa mbele. Nikazijaribu mbili kwa boksi lilelile la dawa ya presha, kwa kuipakua ile ya kulipia kwenye simu yangu (na kuisitisha dakika ileile). Sikuona tofauti ya maana. Ya bure hata inatulia vizuri zaidi mkono ukitetemeka, kwa sababu unaweza kuigandisha picha na kuisoma taratibu.

Mwisho niliondoa laini kwenye njia za malipo, Settings, jina, Payment & Shipping, kisha nikapiga tena kampuni ya simu wafunge "Charge to Mobile" kabisa. Bibi alikuwa pembeni anasikiliza, akanishika mkono. Kila Ramadhani anatuma ujumbe mfupi wa sadaka kwa namba fupi ya shirika la misaada, nayo inakatwa kwenye bili hiyohiyo.

"Waulize, sadaka yangu itapita?"

Nikauliza. Mhudumu akasema kwao ni vizuizi viwili tofauti, kimoja cha manunuzi ya programu na kingine cha namba fupi, na kila kimoja kinafungwa peke yake. Tukafunga cha kwanza.