Uzoefu wangu: kitabu changu cha zamani cha miti na Plants of the World Online

Kitabu changu cha miti ni cha miaka ya tisini, kimechanika jalada lakini michoro yake sijaona mfano wake. Tatizo ni kwamba migunga yote humo inaitwa Acacia, na app niliyoweka kwenye simu inaniambia Vachellia au Senegalia. Mwanzoni sikushtuka, nikawa naandika tu kila jina ninaloliona, baadae nakuja kugundua kwenye orodha yangu nina Acacia tortilis na Vachellia tortilis kama miti miwili, kumbe ni mgunga uleule nimeuhesabu mara mbili 😅

Hapo ndo nikaanza kutumia Plants of the World Online, ya bustani ya Kew. Ni bure. Unaandika jina la zamani, inakwambia ni kisawe cha jina gani linalotumika sasa. Nikiandika Acacia tortilis inanipeleka Vachellia tortilis (Forssk.) Galasso & Banfi. Hayo majina ya watu usiyapuuze, mimi nilikua nayaruka. Aliye ndani ya mabano ndo aliyeupa mmea sehemu ya pili ya jina kwa mara ya kwanza, wa nje ndo waliouhamishia kwenye jenasi mpya, yaani kundi linalotajwa na sehemu ya kwanza ya jina. Sasa kitabu changu kimeandika Acacia tortilis (Forssk.) Hayne, Forssk. yupo kote kote na tortilis haijabadilika, basi najua ni mti uleule umehama nyumba tu. Nachukua penseli naandika V. pembeni pamoja na mwaka niliotazama, jina la zamani silifuti maana daftari langu lote limeandikwa kwa hilo.

Kwa nini walihama? Yaani jenasi inatakiwa iwe babu mmoja na uzao wake wote, usimwache mtu nje. Walipolinganisha DNA wakakuta Acacia ya zamani haiko hivyo, kwa mfano zile za Australia ziko karibu zaidi na akina Albizia, ambao ni jenasi nyingine kabisa, kuliko na mgunga wenye miiba mirefu. Kwahiyo ama uwaingize akina Albizia wote humo ama uivunje jenasi, wakaivunja. Lakini DNA haikusema nani abaki na jina, hilo liliamuliwa kwenye mikutano ya kimataifa ya wataalamu wa mimea. Kwa kanuni jina lilikua la kundi la Acacia nilotica, ndo iliyokua kielelezo cha jenasi nzima, yaani spishi ambayo jina la jenasi linaifuata popote inapokwenda, ila Australia ina spishi karibu elfu moja za kundi lao, na mkutano wa Vienna 2005 ukahamishia kielelezo huko, Melbourne 2011 wakathibitisha. Matokeo yake nilotica, mwenye jina lake, leo ni Vachellia nilotica. Mimi bado naona ilikua uonevu kidogo ila nimezoea.

Kilichonifurahisha ni kwamba michoro ya kitabu bado inafanya kazi. Vachellia miiba yake mikuu imenyooka, miwili miwili pale jani linapoanzia, na maua kwa kawaida ni vidonge vya mviringo. Senegalia ina vikulabu vifupi vinavyoshika nguo, na maua mengi ni marefu kama mkia. Senegalia senegal vikulabu ni vitatu vitatu, viwili vinaangalia mbele na cha katikati kinarudi nyuma. Ila angalia tortilis, yeye ana vyote, iliyonyooka na vikulabu, hapo ukitegemea miiba peke yake utakosea, tazama maua.

Sasa penseli inakwama wapi. Jina likihama ni rahisi, moja kwa moja. Spishi ikigawanywa ndo shughuli. Chukua tembo wa Afrika, vitabu vya zamani vinasema Loxodonta africana basi, sasa hivi wa msituni anahesabiwa peke yake kama Loxodonta cyclotis, na shirika la uhifadhi IUCN waliwatathmini kila mmoja kivyake 2021. Ukiwa na daftari la zamani limeandika africana huwezi kubadili kwa mkupuo, inabidi urudi kila mstari uone ulimwona wapi, na kama hukuandika mahali basi uache "africana kwa maana ya zamani". Kutafuta kisawe hakukusaidii hapo kwasababu jina la zamani bado ni halali, maana yake tu ndo imepungua. Dalili ni hiyo: jina halijabadilika lakini ramani ya kwenye orodha mpya ni ndogo kuliko ya kitabu chako.

Pia usichanganye orodha mbili, kuna wataalamu mpaka leo wanaandika Acacia kwa migunga hii. Mimi nimechagua moja, nimeandika jina lake ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kitabu nakipa nyota nne, tovuti nne na nusu. Kitabu kipya sinunui kwa sasa.