Nilivyohaririwa aya iliyojaa "timu"

Nilimpa mhariri wa kujitegemea ripoti ya ukaguzi wa ghala, nikamwomba aya za matokeo tu. Mambo yenyewe yalikuwa sawa, ila ukisoma kwa sauti unasikia mdundo uleule. Aya iliyonitia aibu zaidi ni hii:

"Timu ilikagua ghala siku ya Jumatatu. Timu ilikuta magunia 40 yameloa. Timu ilichunguza paa la ghala. Timu iligundua tundu juu ya mlango. Timu ilimwarifu msimamizi siku hiyohiyo. Timu ilipendekeza tundu lizibwe haraka."

Kabla ya kugusa neno, alipigia mstari neno la kwanza la kila sentensi na kuandika pembeni idadi ya maneno: 6, 5, 5, 6, 5, 5. Hapo sikuhitaji maelezo zaidi. Kisha akaniuliza, katika hayo yote, msomaji akumbuke lipi? Nikamjibu, tundu. Basi hilo ndilo likapewa sentensi fupi, mengine yakaunganishwa:

"Siku ya Jumatatu, timu ilipokagua ghala, ilikuta magunia 40 yameloa. Juu ya mlango, paa limetoboka. Msimamizi aliarifiwa siku hiyohiyo, naye akapewa pendekezo la timu kwamba tundu hilo lizibwe haraka."

Sasa ni maneno 10, kisha 5, kisha 14. Sentensi ya kwanza inafunguliwa na wakati, ya pili na mahali, ya tatu na mtu. Kazi kubwa imefanywa na "ilipokagua": hiyo -po- imemeza sentensi nzima na mpangilio wa matukio haukupotea. Nilipenda pia kwamba hakuitupa "timu" na kuleta "kikosi" au "jopo", maana msomaji angedhani ni watu wengine.

Lakini rasimu yake ya kwanza niliirudisha. Alikuwa ameandika kwamba magunia "yameloa kutokana na tundu lililo juu ya mlango". Inasomeka vizuri mno, ila sisi hatukuthibitisha hivyo. Maji yangeweza kupanda kutoka sakafuni. Ukiunganisha sentensi mbili kwa "kutokana na", "hivyo" au "kwa sababu hiyo", umeshatoa hukumu ambayo ripoti haikuitoa. Alirekebisha bila ubishi, na tundu likarudi kwenye sentensi yake. Anayempa mtu kazi hii akague viunganishi kwanza, koma baadaye.

Sehemu nyingine alizidisha "ilibainika" na "ilielezwa" ili kuikwepa "timu", hadi haijulikani nani alibaini. Sentensi tatu za aina hiyo nilizirudishia mtenda wake.

Kwa aya za matokeo nitampa tena. Sehemu ya hatua za ukaguzi sikumpa, wala sitampa: pale kila hatua inaanza na kitenzi cha kuamuru, "Pima", "Andika", "Funga", na mkaguzi aliyesimama ghalani na karatasi mkononi anautaka ufanano huo ili asiruke mstari.