AutoCAD kwa ramani ya nyumba ya vyumba viwili: mistari ya paa ilinigomea siku nzima

Nilikuwa na kazi ndogo tu: nyumba ya mita 9 kwa 7.2, ichapwe kwenye A3 kwa skeli ya 1:50. Kuta zilichoreka haraka. Kilichonitoa jasho ni ukingo wa paa, ambao lazima uonekane kwa mstari wa mkatomkato.

Leya ni sehemu nyepesi. Nilifungua nne: UKUTA unene 0.50, MLANGO 0.25, PAA na VIPIMO 0.18. Kila kitu nikakiacha ByLayer, na PAA nikaipa HIDDEN2. Wakati wa kuchapa nachagua monochrome.ctb, inayogeuza rangi zote kuwa nyeusi lakini inaheshimu unene wa leya.

Basi, paa likatoka mstari mzima. Properties inasema HIDDEN2, macho yanaona Continuous. Nikasogeza picha karibu kabisa, na hapo mikato ikajitokeza, midogo kama punje za mchanga. Hiyo ndiyo dalili ya skeli ndogo mno. Kosa lilikuwa langu: nilianza na acad.dwt, kiolezo cha inchi, ilhali nachora kwa milimita. Kule mkato wa HIDDEN2 ni 0.125, kwenye acadiso.lin ni 3.175. Tofauti ya mara 25.4!

Niliandika hivi, moja moja:

```
MEASUREMENT 1
LTSCALE 1
PSLTSCALE 1
MSLTSCALE 1
```

MEASUREMENT peke yake haibadilishi mistari iliyokwisha kupakiwa. Ilibidi nirudi LINETYPE, nichague faili la acadiso.lin, nipakie HIDDEN2 upya, niweke skeli ya maandishi 1:50, halafu REGENALL. Watu wengi wanashauri LTSCALE 50. Kwenye Model inapendeza, ila ukienda Layout huku PSLTSCALE ni 1, mikato inakuwa mikubwa mara 50 na mstari unarudi kuwa mzima.

Vipimo navyo vina tatizo la ukoo huohuo. Maandishi ya 2.5 kando ya chumba cha 3600 ni vumbi tu. Kwenye DIMSTYLE nilinakili mtindo wangu, nikaweka maandishi 2.5, mshale Architectural tick, Precision 0, na kwenye kichupo cha Fit nikatia alama Annotative. Sasa programu yenyewe inakuza hadi 125 kwenye Model, na karatasini inabaki 2.5.

Kinachoniudhi: vipimo nilivyochora kabla havikufuata mtindo mpya. Nililazimika kuvichagua vyote na kuvitumia Update ya vipimo. Na skeli ya maandishi ya dirisha la Layout isipokuwa 1:50, vinaweza kutoweka bila onyo. Mimi nalitia kufuli dirisha nikishaliweka, skeli isibadilike, kisha nachapa na kupima chumba cha 3600 kwa rula. AutoCAD naipa nyota nne. Rula ilisoma milimita 72.