Kadi za ziada kwa mume na binti: kikomo ni changu, deni ni langu

Nina kadi ya mkopo ya benki moja hapa Mombasa, yenye kikomo cha shilingi 200,000. Niliongeza kadi mbili za ziada: moja ya mume wangu, nyingine ya binti yetu anayesoma chuo Eldoret. Huduma imenifaa na bado ninaitumia. Hata hivyo, yapo mambo ambayo ukiketi mbele ya ofisa wa benki hutaelezwa mpaka uyaulize mwenyewe, na ndiyo yanayofanya niandike.

Kuomba ni rahisi. Kila anayeongezwa anajaza fomu yake, anatoa nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA, anatia sahihi, kisha mwenye kadi mkuu anatia yake chini. Benki yangu haimpi kadi aliye chini ya miaka 18. Ila angalia kitu kimoja: hakuna aliyeuliza mshahara wa mume wangu, wala kumtazama kwenye CRB, kunakowekwa kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Sababu ni kwamba benki haimkopeshi yeye. Inanikopesha mimi, halafu inampa yeye ruhusa ya kutumia mkopo wangu.

Hilo ndilo limeandikwa kwenye masharti, kwa herufi ndogo za ukurasa wa nyuma: mwenye kadi mkuu anawajibika kwa matumizi yote ya kadi za ziada. Deni likichelewa, jina linalopelekwa CRB ni langu. Na kwa upande wa pili, mume wangu akitumia kadi kwa uaminifu miaka mitano, historia hiyo ya kulipa vizuri haimjengei yeye chochote. Kama mwenzio ana haja ya kujijengea jina la kukopesheka, aombe kadi yake mwenyewe. Pia soma kama masharti ya benki yako yanamfunga mwenye kadi ya ziada pamoja nawe. Zipo benki zinazowadai wote wawili, na huyo anayetia sahihi ana haki ya kujua hilo kabla hajashika kalamu.

Watu wengine huniambia, "Lakini si mmeoana? Deni ni lenu nyote." Ni kweli Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya 2013 inasema wanandoa wanagawana sawa madeni yaliyoingiwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa. Lakini hayo ni kati ya mke na mume, mkifika mahali pa kuhesabiana. Benki inashika mkataba wake, na mkataba una jina langu.

Sasa vikomo. Mume nilimwekea 60,000 kwa mwezi, binti 15,000. Wengi hudhani fedha hizo zinaongezwa juu ya zile 200,000. Haziongezwi, zinakatwa humo humo. Januari nilikuwa nimelipa karo ya mdogo wake binti na bima ya gari kwa kadi yangu, jumla 160,000. Mume akasafiri kikazi kwenda Nairobi, na hoteli aliyofikia ikazuia 25,000 kwenye kadi yake kama dhamana alipoingia. Kesho yake alitaka kununua tairi mbili, 22,000, kadi ikakataliwa. Alinipigia akiwa amesimama dukani: "Mama Salma, kadi hii ina nini? Mimi bado nina 35,000." Alikuwa sahihi kwa kikomo chake. Lakini ukijumlisha 160,000 zangu na 25,000 za hoteli, akaunti nzima ilikuwa imebakiwa na 15,000 tu. Apu yake ilimwonyesha kikomo chake peke yake, si salio la akaunti. Hapo ndipo benki hii inaponiudhi, kwa sababu namba moja zaidi kwenye kioo ingemwepusha na aibu ile. Siku hizi kabla hajasafiri namtumia meseji ya salio lililobaki, na hoteli ikitaka dhamana tunajua zile pesa zitakaa zimezuiwa hata siku kadhaa baada ya yeye kuondoka.

Kwa kadi ya binti nilifunga mambo matatu kupitia apu: kutoa pesa taslimu kwenye ATM, malipo ya nje ya nchi, na malipo ya mtandaoni. ATM niliifunga moja kwa moja, maana pesa taslimu za kadi ya mkopo zina ada yake na riba inaanza siku ile ile, bila zile siku za neema ambazo manunuzi ya kawaida hayatozwi riba. Malipo ya mtandaoni tunayafungua anapohitaji. Hapo palikuwa na kero: msimbo wa kuthibitisha malipo ulikuwa unakuja kwenye simu yangu, yeye yuko Eldoret anasubiri, na msimbo unakufa baada ya dakika chache. Ilibidi nijaze fomu nyingine ili namba yake isajiliwe kwenye kadi yake, huku mimi nikibaki kupokea taarifa ya kila malipo. Kama unaomba leo, sema jambo hili tangu mwanzo.

La muhimu kuliko yote kwenye kadi ya mtoto ni hili. Mnaweza kukubaliana nyumbani kwamba atatumia 8,000 kwa mwezi. Akitumia 14,000 kwa kadi yake na namba yake ya siri, benki haiwezi kukurudishia hata senti, kwa kuwa hayo si malipo ya wizi. Ni malipo ya mtu uliyemruhusu mwenyewe. Kwa hiyo kiasi mlichokubaliana ndicho kiwekwe kwenye mfumo. Nilikiteremsha cha binti kutoka 15,000 hadi 8,000, na zaidi ya hapo ananipigia tunazungumza.

Kwenye kulipa, tuchukue taarifa moja ya mwezi. Jumla ilikuwa 84,000: zangu 46,000, za mume 26,000, za binti 12,000. Mume akituma 26,000 zake kwenye akaunti ya kadi, moyoni mwake amemaliza. Benki haioni hivyo. Kwake ni malipo ya sehemu ya deni moja. Mimi nisipoongeza kitu, 58,000 zinabaki, na kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ya benki yangu, ni kama 2,030 za bure. Tena siku za neema zinapotea kwa kadi zote, pamoja na ya huyo aliyelipa zake zote. Ndiyo maana kwetu kila mmoja ananitumia fungu lake siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, nami nalipa 84,000 kwa mkupuo mmoja. Taarifa inatenganisha matumizi kwa namba ya kila kadi, hivyo kuhesabiana hakuna ugomvi. Hapo naipongeza benki.

Kama unataka kuifunga kadi ya ziada, iwe ni kwa sababu mtoto ameanza kazi au ndoa imeingia doa, usitosheke kuikata kwa mkasi. Izuie kwenye apu papo hapo, kisha peleka barua tawini na udai nakala yenye muhuri na tarehe. Malipo yanayojirudia kila mwezi, kama ya filamu au muziki, yafutwe kule yalikoandikishwa, kwa sababu mengine huendelea kupita. Halafu subiri taarifa ya mwezi unaofuata uikague, maana manunuzi yaliyofanyika kabla ya kuzuia yanaweza kuchelewa kuingia, na hayo bado utayalipa wewe.