Kibao cha "volti 12 hadi 5": mita inasoma 5, rilei haishtuki

Nyota moja, na hiyo moja ni ya solda, maana imepigwa vizuri.

Kibao hiki kinauzwa kama kifaa cha kushusha volti 12 za betri ziwe volti 5 za kuendesha vifaa vidogo. Nimekiunga siku chache zilizopita. Mita ikasoma 4.95 kwenye tokeo, safi kabisa. Nikaunga rilei ya volti 5, kimya, hata mlio mmoja wa kubana hakuna. Muuzaji nilipomwandikia akajibu kwa mkato: "Rilei yako mbovu, kibao tumekipima." Jibu hilo ndilo limeniudhi kuliko hasara yenyewe. Rilei ni nzima, na kukipima kibao bila mzigo si kukipima.

Juu ya kibao kuna rezista mbili tu zilizoungwa mfululizo, yaani kigawanya volti. Ya juu, R1, ni omu 4,700. Ya chini, R2, ni omu 3,300. Mkondo mmoja unapita zote mbili, kwa hiyo volti zinagawanyika kulingana na ukubwa wa kila rezista, na tokeo linachukuliwa pale zinapokutana:

```
Vout = Vin × R2 / (R1 + R2)
12 × 3300 / 8000 = 4.95
```

Hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja: mkondo wote uliopita R1 ushuke kupitia R2, usichepuke popote. Ukiunga kitu kwenye tokeo, kitu hicho kinakaa sambamba na R2. Koili ya rilei hii ina omu 70. Omu 3,300 sambamba na omu 70 zinakuwa kama omu 68.5, na hizo ndizo R2 mpya. Piga hesabu upya: 12 × 68.5 / 4768.5, unapata volti 0.17. Basi rilei ingebana kwa nguvu gani?

Iangalie pia kwa upande wa mkondo. Hata ukiunganisha tokeo moja kwa moja na hasi ya betri, R1 haipitishi zaidi ya 12 / 4700, yaani kama miliampia 2.6. Koili inataka miliampia 71. Hakuna rilei duniani ya aina hii itakayoamka hapo, iwe mpya au kuukuu.

Mita haikusema uongo. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10, hivyo ikikaa sambamba na omu 3,300 haionekani kabisa. Ukitaka kujua kigawanya volti kinafaa, acha mita ikiwa imeungwa halafu unga mzigo wako. Namba ikianguka, umepata jawabu. Ili kukadiria mapema, chukua R1 na R2 kana kwamba ziko sambamba: hapa ni omu 1,940 hivi. Huo ndio ukinzani wa kibao kikitazamwa kutoka kwenye tokeo. Mzigo wa omu 10,000 unashusha 4.95 hadi 4.15. Mzigo ukiwa mara 10 ya omu 1,940, unapoteza kama asilimia 9. Ukiwa mara 100, asilimia 1.

Kupunguza rezista hakukomboi jambo. Kwa rilei ya omu 70, hata ukiweka omu 17 juu na omu 12 chini, betri inamwaga karibu ampia 0.41 muda wote kabla rilei haijaungwa, wati 5 zinageuka joto, na volti bado zinashuka kwa asilimia 9. Kazi hiyo ni ya kidhibiti volti, si ya rezista mbili.

Sasa nikitulia, lazima nikiri kitu. Kwa kusoma volti za betri kwenye pini ya analogi ya maikrokontrola, kibao hiki kinafaa. Pini hiyo karibu haivuti mkondo, na chipu kama ATmega328P inapendekezewa chanzo chenye ukinzani usiozidi omu 10,000. Omu 1,940 ziko ndani kabisa. Kwa kazi hiyo ningekipa nyota tatu.

Lakini hapana. Betri ya gari ya volti 12 ikichajiwa hufika volti 14.4, na hapo tokeo linapanda hadi volti 5.94 kwenye pini ya chipu inayotumia volti 5. Nazichukua tena nyota mbili, inabaki ile moja. Aliyekwisha kukinunua ang'oe R2 aweke omu 2,200: kwenye volti 14.4 tokeo litakuwa 4.59, na pini itapona.