Uzoefu wangu: nilivyotafutiwa jina la nyumba yangu ya wageni Pangani

Mwaka jana nilimlipa mtaalamu mmoja wa Tanga shilingi 250,000 ili anitafutie jina la nyumba ya wageni ya vyumba sita ninayoiendesha Pangani, na kwa kuwa kabla ya kumlipa sikupata mahali popote palipoelezwa kwa undani fedha ya namna hiyo inanunua nini, naandika haya kwa ajili ya wenye nyumba ndogo wanaofikiria kufanya kama nilivyofanya. Mtaalamu mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeshirikiana na kijana mchora mabango. Kazi ilichukua wiki tatu. Nampa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kumpunguzia ile moja nitaieleza nitakapofika mahali pake.

Nyumba yenyewe niliirithi kwa bibi yangu. Ni ya mawe na chokaa, iko upande wa mjini karibu na mahali mto Pangani unapoingia baharini, na ukikaa nje unaona kivuko kikienda na kurudi Bweni, ng'ambo ya pili. Wageni wangu ni wa aina mbili: watalii wa kutoka nje, ambao huwa wamenisoma kwenye simu kabla hawajafika, na wasafiri wa hapa kwetu, yaani maofisa, wafanyabiashara na familia zinazokuja harusini, ambao hulisikia jina kwa mdomo wa mtu na kunipigia. Jina lililomfaa mmoja na kumpotosha mwingine lisingenisaidia.

Nilikwenda kwake nikiwa na jina langu tayari, la Kiingereza, lenye maneno ya pepo na machweo. Mwalimu hakulicheka, aliniomba tu nimwonyeshe jua linapozamia. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo baharini jua huchomoza, halizami. Mgeni aliyelipa akitarajia kuliona jua likizama baharini angekaa barazani kwangu jioni nzima akiwa ameupa mgongo upande wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina ni ahadi, na kwamba nilikuwa karibu kuahidi kitu ambacho nyumba yangu haina.

Basi akaja kukaa kwangu siku mbili. Hakuuliza "unapenda jina gani", bali aliandika kila kitu kinachoonekana, kinachosikika na kinachonukia akiwa pale nje, na jinsi kinavyoitwa na watu wa mtaani: kivuko, mikoko, minazi, kaskazi, kusi, matlai, baraza, upenu, mlango wa mto. Kutoka kwenye orodha hiyo ndefu alibakiza majina matano, na yaliyofuata ndiyo sehemu ya kazi yake iliyonishibisha zaidi, kwa sababu kila jina alilipitisha kwenye majaribio mbele yangu.

La kwanza lilikuwa Mawio. Nililipenda papo hapo, maana lilirekebisha kosa langu la machweo, na ni fupi. Lakini alipoliandika kwenye simu yangu, habari zilizojitokeza zilikuwa za gazeti la Mawio, lile lililofungiwa na serikali mwaka 2016. Mtalii anayetafuta chumba angekutana kwanza na habari za siasa. Kivukoni likaanguka kwa sababu inayofanana na hiyo: kila Mtanzania akisikia Kivukoni anaiwaza Dar es Salaam, nami nisingependa kuwa mtu wa kumweleza kila apigaye simu kwamba siye. Barazani lilinigusa, kwa kuwa baraza ndipo mgeni wa Kiswahili anapopokelewa kabla ya kuingizwa ndani, ila huko Bwejuu, Unguja, kuna hoteli kubwa ya kifahari iitwayo Baraza, na nyumba ya vyumba sita haiwezi kushindana nayo kwenye matokeo ya utafutaji.

Niliposikia sababu hizo nilipendekeza Hodi. Herufi nne, hakuna mgeni wa taifa lolote anayeshindwa kulitamka. Mwalimu alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hodi ni neno la mgeni. Nyumba haipigi hodi, nyumba inaitikia." Sikuwahi kulifikiria hivyo, ingawa nimelisema neno hilo maisha yangu yote. Jina lililoandikwa mlangoni linasemwa na mwenyeji, kwa hiyo lazima liwe upande wa kukaribisha.

Mlangoni ndilo tulilolijadili kwa muda mrefu zaidi. Lina maana mbili zinazokutana vizuri pale kwangu, mlango wa mto na mlango wa nyumba, na kwa msomaji wa Kiswahili ni jina lenye kina. Mambo mawili yaliliangusha. Kwanza, watalii hushindwa kutamka m inayofuatwa moja kwa moja na konsonanti. Wawili waliokuwa wamelala kwangu wiki ile walilisoma kwa kuongeza irabu mbele, mmoja "Emlangoni", mwingine "Umlangoni", na mtu asiyeweza kulitamka jina huona haya kumwambia mwenzake. Pili, mama mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa jiko, aliuliza kama ni heshima kumwachia mgeni mlangoni. Hatukuwa na jibu la swali lake.

Likabaki Upenu. Kwa asiyelijua, upenu ni ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, pamoja na nafasi iliyo chini yake. Kwetu, mvua ya masika ikimkuta mpita njia huingia upenuni mwa nyumba yoyote na kusimama hadi ianuke, hana haja ya kuomba, na kwa kawaida atatolewa kigoda kabla hajaulizwa anatoka wapi. Nyumba yangu ina upenu mpana wa makuti upande wa mtoni, na hapo ndipo wageni wote hunywa chai. Kwa hiyo jina lilikuwa la kweli kwa macho, lilibeba ukarimu bila kuutangaza, na halikuwa na silabi ya kumkwaza mtu.

Na hapa ndipo nyota moja ilipopotea. Mwalimu alinikabidhi Upenu kama jina lililokamilika, nikamaliza kumlipa, na mchora mabango akaanza kuandaa ubao. Hakuna aliyelijaribu jina kwa simu, wakati nusu ya wageni wangu hunifikia kwa simu. Shaka ilinijia nilipomtajia dereva wa basi, akanijibu, "Upendo? Zipo nyingi." Nikasimamisha kazi ya ubao, nikawapigia watu kumi na wawili, wa Tanga, wa Dar es Salaam na wageni watatu wa nje waliowahi kulala kwangu, nikawatajia jina mara moja tu na kuwaomba wanitumie kwa ujumbe walivyolisikia. Watano waliandika Upendo, wawili Upenyo, na watano tu ndio waliopatia. Jina ambalo zaidi ya nusu ya watu hulisikia vibaya linampeleka mgeni kwenye nyumba ya mtu mwingine, na nyumba ziitwazo Upendo ni nyingi kweli.

Nilimrudia nikiwa na hasira kidogo, na hapa lazima nimtendee haki, kwa sababu hakujitetea wala hakudai malipo mapya. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaongeza silabi moja: Upenuni. Alieleza kwamba ile -ni ya mahali inasogeza mkazo kutoka "pe" kwenda "nu", na sikio halina tena nafasi ya kudhani limesikia Upendo. Nikawapigia watu wengine kumi na wawili ambao hawakuwahi kulisikia jina. Kumi walipatia, mmoja akaandika Upenoni, mmoja Upendoni.

Silabi hiyo ilileta faida nyingine ambayo sote wawili hatukuitarajia. Jina lenye -ni tayari ni la mahali, halihitaji neno kama "kwenye" mbele yake: mtu yuko Upenuni, amefika Upenuni, analala Upenuni. Na anayepokea simu akisema "Karibu Upenuni", sentensi imekamilika, mgeni ameshakaribishwa kwa jina lenyewe. Nilikuwa nimetamani neno Karibu liwemo kwenye jina, lakini mwalimu alilikataa kwa sababu limetumiwa mno. Sasa limo bila kuandikwa.

Kuhusu neno la pili nitasema kwa ufupi, ingawa lina uzito wake. Tulikataa gesti, kwa sababu wasafiri wengi wa hapa, hasa wenye familia, wakisikia gesti huwazia vyumba vya kukodishwa kwa saa. Tulikataa pia hoteli, kwa kuwa watu hupita asubuhi kuuliza supu na chapati. Kwenye ubao na kwenye ramani ya simu tumeandika Upenuni, Nyumba ya Wageni, Pangani, Tanga. Tanga imewekwa kwa makusudi, maana Nairobi nako kuna Pangani, na chini yake kuna mstari mmoja wa Kiingereza unaoeleza nyumba ni nini.

Usajili niliufanya mwenyewe, haukuwamo kwenye malipo yale. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, kwenye ors.brela.go.tz, na unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Mfumo hukuruhusu kutafuta kwanza kama jina limeshachukuliwa, na ninashauri utafutaji huo ufanywe mapema kabisa, kabla moyo haujalizoea jina. Jambo ambalo mwalimu hakuniambia, na ambalo angepaswa kuniambia, ni kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kulimiliki kama alama ya biashara; hiyo ni sheria nyingine na maombi mengine, na usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kuna mamlaka yake. Kwa nyumba ya vyumba sita nimeona jina la biashara linatosha kwa sasa. Mwenye mpango wa kufungua tawi Unguja ahesabu gharama hiyo mapema.

Je, ningemlipa tena? Ndiyo, na nimeshafanya hivyo mwezi uliopita, kwa majina ya vyumba sita. Safari hii tulikubaliana kwa maandishi kwamba fungu la mwisho la malipo litatoka baada ya jaribio la simu, naye akaongeza mwenyewe jaribio la pili, la kumpa mama mdogo aseme kila jina kwa sauti kutoka jikoni huku kivuko kikipiga honi.